Mche wa Hass na Orodha ya Bure: Kazi ya Ukurasa Mmoja

Ukishika barabara ya kutoka mjini Kisii kwenda Keroka, au ile ya kuelekea Nyamira, hukosi kuona miche ya avokado iliyopangwa kando ya njia katika mifuko myeusi. Kwa mpita njia yote ni mamoja: majani mabichi, shina lililonyooka, na muuzaji anayekuhakikishia kuwa ni Hass. Tofauti hujitokeza shambani baadaye sana. Mche wa Hass uliopandikizwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ule ulioota kutokana na mbegu unaweza kumweka mkulima akingoja miaka sita au saba, kisha uzae matunda ambayo mnunuzi wa soko la nje hataki hata kuyapima.

Hasara hiyo ni nzito Gusii kuliko sehemu nyingi, kwa sababu shamba ni dogo na limegawanywa kwa vizazi. Robo ekari ina mita za mraba 1,012 hivi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, inakaa miti kama 20. Mitano kati ya hiyo ikiwa si Hass, robo ya kipande hicho imelala kwa miaka kadhaa, na huenda mkulima alishang'oa majani chai ili apate nafasi ya kuipanda.

Sasa mtazame mwenye kitalu mwaminifu. Yeye hupandikiza kila mche, hununua vitawi kutoka kwa mti unaojulikana, na huutunza mche miezi kadhaa kabla ya kuuza. Bei yake lazima iwe juu kuliko ya jirani anayeotesha mbegu za sokoni. Lakini mteja akisimama kati ya vitalu viwili haoni sababu ya kulipa zaidi. Kupaza sauti hakumsaidii mwaminifu, maana jirani naye anapaza sauti. Kinachomsaidia ni kumpa mteja macho ya kuona, na njia mojawapo ya kufanya hivyo ni orodha fupi ya ukaguzi, ya bure, ambayo mkulima anaipakua kwenye simu, naye mwenye kitalu anabaki na namba ya mtu anayepanga kununua miche.

Mbinu ya kutoa kijitabu au orodha bure ili kupata wateja ni ya zamani. Mwaka 1900 ndugu wawili wa familia ya Michelin, watengenezaji wa matairi kule Ufaransa, waligawa bure kitabu chenye ramani, anwani za mafundi wa magari na maelezo ya kubadilisha tairi. Wakati huo magari yalikuwa machache mno nchini mwao. Kitabu kilimsaidia dereva kwenda mbali, na anayekwenda mbali hula matairi. Msomaji alipata kitu cha kutumia siku hiyo hiyo, na kitu hicho kilimsogeza karibu na bidhaa bila kumwambia nunua.

Kwa mwenye kitalu, kitu hicho ni orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kulipia mche. Nasema kabla ya kulipia kwa makusudi, kwani hapo ndipo wengi huteleza. Mtu akiamua kuandika orodha ya bure, mkono wake hukimbilia mada kubwa: kilimo cha kisasa cha avokado, kuanzia udongo hadi kuuza nje. Anaandika mambo arobaini, kurasa tisa, na mkulima anaisoma jioni moja, anasifu, halafu hairudii tena. Orodha ya ukaguzi inahitaji dakika moja maalumu ya kutumiwa. Uliza: mkulima atakuwa amesimama wapi, ameshika nini, na anataka kuamua nini? Jibu letu ni hili: amesimama kitaluni, ameshika mche mkononi na pesa mfukoni, anataka kuamua kama anunue au aende zake. Jambo lolote lisilosaidia uamuzi huo linatoka, hata likiwa la kweli. Vipimo vya shimo vinatoka, mbolea inatoka, namna ya kupogoa inatoka.

Ushahidi kwamba orodha fupi inaweza kubadilisha matokeo makubwa haupo mbali nasi. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, iliyokuwa na mambo 19 tu, iliwekwa kwenye majaribio katika hospitali za miji minane duniani. Mmoja wao ulikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale hawakufundishwa upasuaji upya. Walilazimika kusimama mara tatu, kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, wakathibitisha mambo ambayo tayari waliyajua. Orodha ya mche inafanya kazi kwa namna hiyo. Mkulima wa Bonchari au Borabu anajua mengi kuhusu miti, ila mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu hasimami kukagua.

Basi tuiandike orodha yenyewe. Tuseme kitalu kiko karibu na Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na mwenyewe ameanza kwa kuandika kila anachokiangalia yeye akinunua miche kwa mtu mwingine. Ametoa yasiyohusu dakika ile, yamebaki saba. Kila moja ni swali la ndiyo au hapana, linajibiwa kwa macho au vidole pale pale, na lina maelezo ya nini cha kufanya jibu likiwa hapana.

Swali la kwanza: je, unaliona kovu la pandikizo? Mche wa Hass unaouzwa kwetu ni vipande viwili vilivyounganishwa, chini shina la mche wa kienyeji, juu kitawi cha Hass. Pale vilipoungana pana kovu au kipindo, nawe ukipapasa utahisi kinundu. Shina likiwa laini moja kwa moja kutoka udongoni hadi kileleni, huo ni mche wa mbegu, na ukaguzi umeishia hapo.

Swali la pili: je, kovu limepona? Shika sehemu ya juu kwa vidole viwili uisukume polepole. Ikifunguka ufa, au ikitoa maji, au ikiwa nailoni ya kufungia bado imekaza na kulikata gome, mche huo haujawa tayari.

La tatu linahusu machipukizi. Majani unayoyaona yanatoka juu ya kovu au chini yake? Kitawi cha Hass kinaweza kufa kimyakimya, huku shina la kienyeji likichipua chini na kujaza majani mazuri. Huu ndio udanganyifu ambao mara nyingi hata muuzaji mwenyewe hakuukusudia. Alipandikiza kweli, kitawi kikafa, mche ukaendelea kumea, naye akauza. Anayetazama majani tu hawezi kujua. Anayefuata tawi kwa kidole hadi linapoanzia anajua kwa sekunde kumi.

La nne ni la mizizi, na wengi huona haya kuliuliza. Omba mche mmoja ufunguliwe mfuko upande wa chini. Mizizi midogo iliyo hai ni myeupe au ya maziwa. Ikiwa myeusi na inakatika ovyo ukiigusa, shuku ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na vimelea wa Phytophthora, ambao hupenda udongo uliotuama maji. Katika nchi yetu ya mvua nyingi na mabonde yenye unyevu, mche huo unapeleka ugonjwa shambani, na mtu asidhani ni mche mmoja tu umekufa.

Swali la tano linamwangalia mama wa mche: je, muuzaji anaweza kutaja, na ikiwezekana kukuonyesha, mti uliotoa vitawi? Hapa orodha lazima iseme kweli kuhusu mpaka wake. Mche mchanga ukiutazama majani peke yake, huwezi kuwa na hakika kama ni Hass au Fuerte. Tunda ndilo litakalosema, maana Hass likiiva ngozi yake hugeuka zambarau nyeusi, na Fuerte hubaki kijani. Ndiyo maana swali la sita linauliza kama kitalu kimesajiliwa, na kama mwenyewe yuko tayari kukuonyesha cheti. La saba linataka risiti iliyoandikwa jina la aina, idadi, tarehe na namba ya simu. Pasipo uhakika wa macho, karatasi ndiyo inayobaki.

Hayo yote yanaingia ukurasa mmoja. Yakigoma kuingia, usipunguze ukubwa wa herufi, punguza maneno. Swali la tatu, kwa mfano, katika orodha linasomeka hivi tu: "Fuata tawi kwa kidole. Linaanzia juu ya kovu? Likianzia chini, uache." Maelezo marefu niliyoyatoa hapa ni ya makala.

Kuna jaribio moja ambalo kwangu ndilo linalotenganisha orodha ya maana na tangazo lililovaa nguo ya orodha. Chukua orodha yako, ingia kitaluni mwako, ukague miche yako mwenyewe kana kwamba wewe ni mgeni. Kama hakuna hata mmoja unaoanguka, huenda umeandika maswali ambayo wewe tu unaweza kuyapita. Kama inaanguka thelathini kati ya mia tatu, itoe kwenye safu za kuuza kabla ya kuchapisha chochote. Orodha isiyoweza kukataa bidhaa ya aliyeiandika haina thamani kwa mkulima, na mkulima wa Gusii, aliyekwisha kuuziwa mengi, huing'amua haraka. Hofu kwamba ataichukua na kwenda kukagua kwa jirani ni ya kweli. Atakwenda. Akikuta kule miche inayopita maswali yote saba, basi jirani alistahili kuuza. Akikuta isiyopita, anarudi akiwa tayari amejua kwa nini bei yako iko juu.

Utengenezaji wenyewe hauhitaji fundi, ila una mitego yake. Wa kwanza ni ukubwa wa ukurasa. Watu wengi huandika kwenye karatasi ya A4, wanaihifadhi kama PDF, na kwenye kompyuta ya saiba inapendeza. Kioo cha simu ya kawaida, hata hivyo, kina upana wa kama sentimita 7, na A4 ina 21. Ukurasa unabanwa hadi theluthi moja, herufi za pointi 12 zinakuwa za pointi 4, na mkulima aliyesimama juani anaanza kuvuta ukurasa huku na huku kwa vidole vilivyoshika udongo. Tengeneza ukurasa wenye umbo la simu tangu mwanzo. Kwenye Google Slides unafungua File, kisha Page setup, unachagua Custom na kuweka sentimita 9 kwa 16. Andika kwa pointi 14 au zaidi. Ukimaliza, File, Download, PDF Document. Huenda zikawa kurasa mbili za simu, na hilo si kosa. Kwa mama au mzee asiyetumia simu janja, tengeneza nakala ya pili ya kuchapishwa, mbili katika A4 moja, ukikumbuka kwamba mashine ya fotokopi haijui rangi. Alama nyekundu na kijani zitatoka zote kijivu, kwa hiyo tumia visanduku na maneno.

Picha moja inatosha: kovu la pandikizo, limepigwa karibu, na kidole kikilionyesha. Ipunguze ukubwa kabla ya kuiweka ili faili zima lisizidi kilobaiti mia tatu hivi, kwa sababu anayepakua analipia bando. Halafu lipe faili jina. Likitumwa kwa WhatsApp, jina ndilo kitu cha kwanza kuonekana, na Untitled presentation (3).pdf halifunguliwi na mtu mwenye hadhari. Kagua-mche-wa-avokado.pdf hufunguliwa. Chini ya ukurasa wa mwisho weka jina la kitalu, mahali kilipo, namba ya simu, na mwezi na mwaka wa kuandikwa. Basi. Nembo kubwa juu ya ukurasa inamnyang'anya mkulima nafasi ya swali.

Kabla ya kuitoa, wape watu wawili ambao hawajawahi kununua mche uliopandikizwa, waende nayo kwenye safu za miche, nawe ukae kando bila kusema neno. Ni vigumu kunyamaza, lakini ukieleza umeharibu jaribio. Angalia wanaposimama. Mara nyingi husimama kwenye neno ambalo kwa mwandishi ni la kila siku. Anayepandikiza anasema kovu, na mgeni anatafuta kidonda. Hapo ndipo picha ya kidole inapopata kazi yake, na ndipo unapoongeza maneno manne: "kinundu chini ya majani."

Sasa posti inayoitoa. Jaribio la kwanza la mtu yeyote huwa namna hii: "Habari njema! Pata bure orodha yetu ya kilimo cha kisasa cha avokado. Wahi sasa, nafasi ni chache!" Ina makosa mawili makubwa. Haisemi orodha inamwokoa nani kutoka nini, na inadanganya, maana faili la simu haliishi. Mkulima akiona uongo kwenye mwaliko, ataushuku na mche.

Tuandike upya, tukijua kwamba Facebook huonyesha mistari michache tu kabla ya kumtaka msomaji abonyeze ili aone zaidi, na kwamba wengi hawabonyezi. Mstari wa kwanza ubebe tatizo lenyewe. Kisha posti itoe swali moja zima la orodha, bure kabisa, bila kudai namba, ili asiyetaka kuomba naye aondoke na kitu. Watu huogopa kufanya hivyo wakidhani wanamaliza mvuto. Kinyume chake, anayejaribu swali moja kwenye miche aliyonunua mwaka jana, akagundua jambo, ndiye atakayeomba sita yaliyobaki. Hii hapa posti kamili:

"Mche wako wa Hass unaweza kuwa na majani mazuri na bado usiwe Hass.

Ukishapandikizwa, kitawi cha juu kinaweza kufa na shina la kienyeji likachipua chini. Utaona majani, utamwagilia, na miaka mingi baadaye utaona tunda usilolitaka.

Nenda kwenye mche wowote ulionao. Tafuta kinundu kwenye shina. Fuata tawi kwa kidole. Kama linaanzia chini ya kinundu, huo si Hass.

Hilo ni swali moja. Tumeandika saba, ya kukagua mche wowote kabla hujalipa, kwetu au kwa mwingine. Kurasa mbili za simu, Kiswahili rahisi, na ni bure.

Si mafunzo ya kupanda wala ya kuweka mbolea. Ni ya siku ya kununua tu.

Tuma neno MCHE kwa WhatsApp kupitia linki hii, tutakutumia faili. Hatutakutumia matangazo usipoyataka."

Angalia maneno "kwetu au kwa mwingine." Ndiyo yanayobeba posti nzima, na mwenye kitalu asiyekuwa na nia ya kuyatimiza asiyaandike. Aya ya "Si mafunzo ya kupanda" nayo ina kazi: inamwondoa anayetafuta kitu kingine kabla hajapoteza bando lake na muda wako. Picha ya posti iwe ile ile ya kidole kwenye kovu. Katoni ya matunda yanayong'aa, yaliyopigwa picha nchi nyingine, haimwambii mtu wa Nyansiongo chochote kuhusu mche ulio mbele yake.

Linki inayofungua WhatsApp ikiwa na neno ambalo limeshaandikwa hutengenezwa hivi, ukiweka namba yako badala ya X, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/254XXXXXXXXX?text=MCHE
```

Kwenye WhatsApp Business unaweza kuhifadhi jibu la haraka lenye salamu na linki ya faili, ukaliita kwa kuandika mkwaju na neno fupi. Kama faili umeliweka Google Drive, fungua Share na ubadilishe General access iwe Anyone with the link. Wengi husahau hatua hii, na mkulima anayebonyeza anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Haombi. Anafunga simu na kudhani alidanganywa. Jaribu linki kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuitangaza, kwa sababu kwenye simu yako itafunguka siku zote.

Faili likishakwenda, uliza swali moja: "Unapanga kupanda miche mingapi, na uko wadi gani?" Hayo mawili yanakutosha kujua kama ni mtu wa miche mitano au wa mia mbili, na kama usafiri utamfaa. Usiombe jina kamili, wala kitambulisho, wala barua pepe ambayo hutaitumia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ukusanye kile tu unachohitaji kwa kazi uliyoitaja, na kutumia namba ya mtu kumtangazia biashara kunahitaji ridhaa yake pamoja na njia rahisi ya kujitoa. Mtu aliyetuma MCHE ameomba orodha. Hajaomba ujumbe wa kila Jumatatu. Kwa hiyo ujumbe wa pili useme wazi: "Mvua ikikaribia tutakuwa na taarifa ya miche na ya kuandaa mashimo. Ukitaka tukutumie, jibu NDIYO. Siku yoyote ukichoka, jibu TOA." Asiyejibu aachwe. Anayesema TOA afutwe siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la kiufundi linaloshangaza wengi hapa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Mtu anaweza kuwa na NDIYO mia mbili, akatuma taarifa, ikafika kwa sabini, akalaumu mtandao. Ndiyo maana mstari wa mwisho wa faili unapaswa kumpa mkulima sababu ya kuhifadhi namba: "Hifadhi namba hii. Ukiwa kitaluni popote na huna hakika, tutumie picha ya kovu tuiangalie." Ahadi hiyo inakula muda wa mwenye kitalu. Pia inamletea kila siku picha za miche inayouzwa kati ya Suneka na Ikonge, na hakuna njia nyingine rahisi ya kujua soko lake.

Muda wa kutoa posti unafuata mvua. Masika yetu hushika Machi hadi Mei, na mvua nyingine hurudi karibu Agosti au Septemba. Mkulima huamua kununua wiki chache kabla, akianza kuchimba mashimo. Posti ya Februari inamkuta akifikiria, na ya Mei inamkuta ameshapanda, orodha ikabaki ya kumwonyesha alichokosea.

Kisha kuhesabu. Idadi ya waliopenda posti haielezi kitu. Hesabu walioomba faili, waliojibu swali la miche mingapi, na waliofika kitaluni na orodha kwenye simu. Tuseme walioomba ni 80, waliojibu 30, waliofika 10. Kila pengo lina maana yake. Posti ikionwa na maelfu na kuombwa na wachache, mstari wa kwanza au picha haijagusa tatizo lao. Wakiomba wengi na kujibu wachache, huenda swali lako linanuka kama la muuzaji, au jibu la faili linachelewa hadi jioni wakati hamu imeshapoa. Wakifika kumi na wakaondoka wanane mikono mitupu, usiguse posti. Chukua orodha, ingia kwenye safu za miche, na uanze na swali la kwanza.

Walionunua ndio wanaopewa orodha ya pili, ile ya siku ya kupanda, pamoja na mambo yote yaliyotolewa kwenye ya kwanza: shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza vizuri, kovu kubaki juu ya udongo, na mahali ambapo maji hayatuami. Hiyo haihitaji posti wala linki. Inakunjwa pamoja na risiti, na tarehe ya kununua imeandikwa juu yake kwa kalamu.